Utani Wetu Ulivyoingia Chuo Kikuu

Mimi nimeingia chuo kikuu nikiwa na kuku watatu, na dawati sijawahi kulikalia. Watu wa Ihanja wakinibishia nawaambia haya, kawaulizeni wale kuku. Bahati mbaya tuliwala wote, ila jogoo mmoja alikufa akiwa na shahada yake, maana alilala chini ya kitanda cha wasomi na akawika kwenye madarasa ya watu.

Ilikuwa ile miaka ya vijiji vya ujamaa, tunahamia barabarani, kila mtu ni ndugu, hata aliyekunyima chumvi unamwita ndugu. Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa sekondari, serikali ikamruhusu arudi chuoni Dar es Salaam achukue shahada ya pili, ya mambo ya lugha. Sasa dereva mmoja wa lori akamwambia mama kwamba kamwona huko, kakonda, ukimtazama ubavuni humwoni mpaka ageuke. Mama hakulala. Asubuhi akakamata kuku, majike wawili na jogoo, akawafunga miguu, akanikabidhi. "Nenda ukamtazame mdogo wako. Ukirudi na maneno matupu, usirudi."

Nikapanda basi mpaka Manyoni, halafu treni. Ile treni ilikwenda polepole mpaka kuku mmoja akataga njiani, yai likaanguliwa, kifaranga kikashuka Morogoro na mzigo wake. Usiponiamini, ndiyo shida ya kutosafiri.

Nilimkuta mdogo wangu chumbani kwake. Kweli alikuwa amekonda, dereva hakusema uongo. Akanikumbatia, akaniamkia Kinyaturu, tukaulizana habari za nyumbani mpaka za mbuzi. Halafu akakaa kitandani, akashika kichwa.

"Kaka, huenda ukarudi na mimi."

"Umefukuzwa?"

"Bado. Mwalimu wangu anayenisimamia anataka mada ya tasnifu." Akaona sijaelewa. "Tasnifu ni lile andiko refu la kumalizia shahada. Muhula ukifungwa sijakubaliwa mada, narudi kufundisha na nafasi yangu anapewa mwingine."

"Sasa mada ni nini mpaka ikukondeshe? Si unaandika tu?"

Akacheka kidogo, cheko la mgonjwa. Akanieleza. Yeye anataka kuandika jinsi wanafunzi wa chuo, hapa mjini, wanavyochanganya Kiswahili na Kiingereza wakiongea. Mtu anaanza sentensi kwa Kiswahili, katikati anaruka Kiingereza, mwisho anarudi kama mbuzi aliyekwenda kunywa maji. Nikamwambia hilo jambo zuri, hata mimi nimelisikia tangu getini, nilidhani wana homa. Alipolipeleka kwa mwalimu wake, mwalimu alimwambia, "Hii ni bahari. Mimi nataka kisima."

Akarudi na lingine: nani wanachanganya zaidi, wavulana au wasichana. Mwalimu akamwambia hapo itabidi asikilize watu wengi sana, wa kila namna, na muda hana. Akarudi na lingine: yale maneno ya Kiingereza yanayovalishwa vichwa vya Kiswahili, mtu anasema "ameniinsalti", "nimefeilishwa". Mwalimu akamwambia, "Maneno utayaokota mengi, kapu litajaa. Lakini swali lako liko wapi?" Akarudi tena, safari hii atawauliza wanafunzi wenyewe kwa nini wanachanganya. Hilo alilijaribu mbele yangu kesho yake. Alimsimamisha kijana mmoja kwenye korido.

"Ndugu, wewe ukiongea unachanganya Kiingereza?"

"Mimi?" Yule kijana akashika kifua. "Neva. Mimi ni Kiswahili tu, ol dhe taimu."

Akaenda zake kifua mbele. Nikamtazama mdogo wangu, naye akanitazama.

"Unaona, kaka? Ukiwauliza wanakwambia wanachodhani wanafanya. Mwalimu alinionya. Anasema niende nikawasikilize wanavyoongea kweli, nitafute kitu ambacho sikielewi, hicho nimpelekee."

Sasa kusikiliza kwenyewe, akaazima idarani mashine ya kurekodi. Ilikuwa nzito kama ndama aliyekataa kutembea. Mkanda wenyewe alipewa mmoja tu. Nikaibeba mimi mpaka kwenye ukumbi wa kulia chakula, nimetembea kifua mbele kuliko yule wa korido, kila mtu anapisha.

Mdogo wangu ni mtu mwenye adabu, ndivyo mama alivyotulea, na adabu ndiyo iliyomponza. Akasimama mbele ya meza, akasema kwa sauti nzuri, "Ndugu zangu, nachunguza watu wanaochanganya Kiswahili na Kiingereza. Naomba niwarekodi mkiwa mnakula."

Lo. Wiki ileile vijana wa chama pale chuoni walikuwa na mkutano, wakasema sana juu ya kasumba ya mkoloni, na kwamba msomi anayeringa kwa Kiingereza hajajikomboa. Halafu anatokea mtu na mashine, anatafuta wanaochanganya. Ile meza ilinyooka kama kwaya mbele ya padri. Ghafla wote wakawa wasoma taarifa ya habari.

"Ndugu, naomba unisogezee bakuli la mchuzi, tafadhali."

"Bila shaka, ndugu. Mchuzi wa leo umekolea vizuri."

"Naam, ndugu, umekolea."

Mashine ikazunguka, ikazunguka. Hata kijiko kilikuwa kinagonga sahani kwa Kiswahili sanifu. Tulipotoka nje tu, kwa nyuma nikasikia mmoja anapumua, "Oo mai Godi," na wengine wote wakamwagika Kiingereza kama maharage yaliyopasua gunia.

Jumapili ikawa kesho yake, na mdogo wangu hana hamu ya kitu. Nikaona dawa yake ni kuku. Kule nyuma kulikuwa na nyumba za wafanyakazi, nikamkuta mama mmoja wa Manyoni, akanipa jiko na sufuria, nikachinja majike wote wawili nikawapika kwa chumvi na kitunguu, mchuzi ukanukia mpaka Bagamoyo. Jogoo tukamwacha akiba. Mdogo wangu akawaita chumbani kwake marafiki zake wawili. Mmoja alikuwa anasoma sheria, Mnyiramba wa kule Iguguno, mrefu, mwenye mikono kama mwiko. Mwingine alikuwa wa uchumi, wa mkoa wa mbali huko, mpole, miwani.

Mashine ikawekwa mezani, imewashwa, maana mdogo wangu alisema hata kama ni bure amalize mkanda. Aliwaambia pia, hakuwaficha. Basi na wao wakaanza, "Karibu ndugu," "Ahsante ndugu." Chakula kikawa kinamezwa kama dawa.

Sasa msomaji wa mbali nimwambie kitu. Sisi Wanyaturu na Wanyiramba ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya mkwe wako na wewe ukacheka. Anaweza kuchukua kofia yako ukamshukuru. Mtu wa pembeni akijaribu maneno yaleyale, patachimbika.

Na kuku ana firigisi, na firigisi ina mwenyewe. Pale mkubwa nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeziweka zote mbili pembeni ya sahani yangu, nazitunza za mwisho, nazitazama kama mtu anavyotazama ng'ombe wa mahari. Nikageuka kunywa maji. Kurudi, sahani nyeupe. Yule Mnyiramba anatafuna, macho juu darini.

"Mtani," nikamwambia, "hiyo unayotafuna ilikuja kwa treni kutoka Ihanja. Nauli yake nimelipa mimi."

"Mtani, mimi nimeiokoa. Nilisikia inalia, inasema jamani nimechoka kukaa na Mnyaturu, hata chumvi hajanitia."

"Nyinyi Wanyiramba chumvi mtaijulia wapi? Kwenu mtu akitaka mboga iwe na chumvi analia juu ya sufuria."

"Na nyinyi mnamchovya kuku kwenye maji, halafu mnamrudisha bandani, wageni wanakunywa harufu."

Mdogo wangu akaanza kucheka mpaka akatoka machozi. Mle chumbani joto likapanda. Nikamwambia mtani kwamba babu yake aliletwa kwa babu yangu badala ya kitoweo, na babu yangu akamrudisha akasema ana mifupa mitupu. Naye akasema ndiyo maana sisi Wanyaturu wafupi, tulikaliwa na babu yake. Mashine nani anaikumbuka? Jogoo chini ya kitanda akawika, mtani akamjibu, "Nyamaza, na wewe ni Mnyaturu tu." Wakianza kusemezana wao kwa wao wasomi, Kiingereza kikawa kinaingia na kutoka kama panya kwenye ghala, "bikozi" huku, "aimini" kule.

Halafu yule wa uchumi, miwani imepanda mvuke wa mchuzi, akaona raha, naye akataka kuingia. Akasema, "Ndiyo maana mzee wako alipohamishwa kijijini aliacha nyumba nyuma, alidhani itamfuata yenyewe."

Ni kweli baba yake yule Mnyiramba alikuwa amehamishwa, na ile nyumba alijenga kwa mikono yake, paa likabaki kule linanyeshewa. Mtani akaacha kutafuna. Akaweka mfupa chini. Akamgeukia mwenzake, sauti imeshuka, akaongea Kiingereza. Kwanza akasema "Pliz, liv iti," nikaja kuambiwa maana yake ni liache hilo, na baada ya hapo ikaja treni nzima ya Kiingereza, mabehewa yote yamefungwa, mimi nimesimama kwenye reli sipandi wala sishuki. Yule wa uchumi naye akajibu hukohuko kwenye Kiingereza, taratibu, ametoa miwani.

Mimi kimya sikiwezi, nikipata kimya nawashwa. Nikasema, "Mtani, ile nyumba haikumfuata kwa sababu ilijua anahamia karibu na Wanyaturu, ikaona aibu ya kuombwa chumvi."

Akanitazama. Nikadhani sasa nalala nje. Akatoa kicheko kutoka tumboni, akanipiga bega, bega mpaka leo likiona mvua linauma. "Wewe mtani, shetani wewe. Wewe ndiye unaruhusiwa. Leta shingo hiyo ya kuku." Kwa Kiswahili, kama vile kile Kiingereza hakijawahi kupita. Shingo nikampa.

Walipoondoka mdogo wangu akasikiliza mwanzo wa mkanda, bakuli la mchuzi, halafu karibu-ndugu-ahsante-ndugu, akazima. "Takataka. Ndugu, ndugu, halafu kuku. Nitaufuta nijaribu tena kesho."

"Hufuti," nikasema.

"Kaka, mkanda ni mmoja."

"Sauti yangu imo. Mimi sijawahi kusikia sauti yangu tangu nizaliwe. Ufute nikiwa nimeisikia, na ikiwezekana mama aisikie."

"Mama ataisikilizia wapi? Kwenye chungu?"

Tukabishana mpaka jogoo akatuamua. Asubuhi yake akaamua hajaribu tena chochote, anakwenda kurudisha mashine na kumwambia mwalimu wake kwamba ameshindwa. Nikaibeba mimi. Njia nzima haongei. Mimi moyoni nawaza mama, nitamwambia nini, nimepeleka kuku nikarudi na mtoto.

Mwalimu wake alikuwa mzee mwenye mvi, ofisi imejaa vitabu mpaka kiti kilikuwa kitabu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza habari za nyumbani. Mdogo wangu akaanza kueleza, watu wote wamenyooka, kila mmoja anaongea kama redio, hana kitu.

"Uliwaambia unatafuta nini?" mwalimu akauliza.

"Niliwaambia."

"Wanaochanganya?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu akafunga macho kama mtu aliyekanyaga mwiba. "Uwaombe ruhusa, ni vizuri. Uwaambie unachunguza mazungumzo, inatosha. Ukimwambia mtu nakuangalia unavyotembea, atajikwaa." Akanyoosha kidole kwenye mashine. "Basi. Iache hapo mezani."

Nikaona sasa ndiyo imekwisha, na mimi sauti yangu inabaki humo. Nikasema, "Samahani mwalimu, mzee wangu. Kabla hujaichukua, naomba nijisikilize. Nimo humo. Nimetoka Singida."

Mdogo wangu akanikanyaga mguu. Mwalimu akacheka, akasema mgeni ana haki yake, akawasha. Tukapita zile ndugu-ndugu. Halafu nikaja mimi. Jamani, nina sauti mbaya. Nilidhani ni jogoo amejifunza kusema. Nikawa nacheka, kumbe mwalimu hacheki. Ameinama. Ile treni ya Kiingereza ilipopita, akarudisha nyuma. Akasikiliza. Akarudisha tena. Pale kwenye nyumba ya mzee, Kiingereza, halafu mimi, halafu kicheko na Kiswahili. Karudisha mpaka nikawaonea huruma watu wa humo ndani, wanatafuna shingo ileile bila kushiba.

"Huyu anayeongea Kiingereza hapa," akamwambia mdogo wangu, "kabla ya hapo alikuwa anaongea nini?"

"Kiswahili. Walikuwa wanataniana na kaka."

"Na huyu wa pili ni mtani wao?"

"Hapana. Wa mkoa mwingine. Utani nao hana."

"Amesema jambo la nyumba. Huyu akatoka kwenye Kiswahili. Kaka yako akasema jambo lilelile, tena baya zaidi, huyu akarudi kwenye Kiswahili anacheka. Kwa nini?"

Mdogo wangu akakaa wima. Nilimwona anavyonenepa pale pale, naapa, mashavu yalijaa kama ya mtoto aliyenyonya. "Amefunga mlango," akasema. "Kiingereza amekitumia kutoka nje ya utani. Asiye mtani amemtoa, mtani amemwacha ndani."

"Labda," mwalimu akasema. "Au labda ni kwa sababu kaka yako hajui Kiingereza. Angemjibu kwa lugha gani nyingine?"

"Aa."

"Au alitaka kumwambia rafiki yake jambo bila mgeni kusikia. Au vyote. Kwa mkanda mmoja wa kuku hujui. Utajuaje?"

Sasa wakaanza kukimbizana, mimi nageuza shingo huku na huku. Mdogo wangu anasema nitafute watani ambao wote ni wanafunzi, wote wanajua Kiingereza. Mwalimu anasema na wasio watani, waliozoeana vilevile. Mdogo wangu anasema wakiwa na mgeni na wakiwa hawana mgeni. Mwalimu anasema, na uangalie si neno moja moja tu, mahali lugha inapogeuka: kabla yake kulikuwa na nini, baada yake pakawa na nini. Mdogo wangu anasema chakula cha jioni, bweni moja tu. Mwalimu anapiga meza, "Bweni moja. Hicho ni kisima." Mdogo wangu anauliza, na Kinyaturu je, maana na kaka naongea Kinyaturu? "Kiweke pembeni, hicho cha mwingine."

Nikauliza, "Kwa hiyo amepata?"

"Amepata swali," mwalimu akasema. "Jibu bado. Lakini huu mkanda hatuutumii mpaka waliomo wakubali. Hasa huyu. Amesema mambo ya nyumbani kwao."

Akaturudishia mashine na kutuongezea mkanda mpya, tukarudi mbio, mimi na mashine yangu begani nyepesi kama unyoya. Yule wa uchumi alikubali palepale. Mtani tulimkuta anafua. Mdogo wangu akamweleza yote. Mtani akasugua shati kwa muda mrefu sana, lile shati likaomba msamaha. Mambo ya kuhamishwa vijijini siku zile mtu hakuyasema ovyo, na yeye alikuwa ameyasema, ingawa kwa Kiingereza. Mdogo wangu akamwongezea maji kwenye beseni. Mada yake yote imo kwenye povu lile.

"Nani atasikia?" mtani akauliza.

"Mimi na mwalimu. Kwenye maandishi jina lako halimo, utakuwa herufi. Wewe B, huyu wa uchumi C."

"Na A nani?"

"A ni mimi."

"Mnyaturu awe A, mimi niwe B?" Akakamua shati kwa hasira. "Hapo ndipo nakataa."

"Basi uwe A."

"Mimi A. Na ya nyumba ya mzee usiyaandike maneno yenyewe. Andika tu nilihama lugha. Ya firigisi yaache, watu wajue haki ilitendeka." Halafu akanigeukia mimi. "Na yule jogoo, mtani. Mtu hasaini bure."

Mtani akiomba humnyimi. Jogoo akaliwa jioni ile, mashine mezani, na safari hii mdogo wangu alisema tu anachunguza mazungumzo. Nikarudi Ihanja mikono mitupu, na mama akaniuliza mdogo wako anasoma nini huko. Nikamwambia anasoma watu wanavyotaniana. Akaniambia hilo angelisomea hapahapa kwa shangazi yake bure.

Baada ya muda mdogo wangu alikuja nyumbani na kile kitabu, kinene kama tofali, cha Kiingereza chote isipokuwa maongezi yetu, hayo kayaacha kama yalivyotoka mdomoni. Wakati huo nimekwishakwenda kisomo cha watu wazima, kusoma najua kidogo. Nikatafuta maneno yangu. Mtani yupo, A, A, A, ukurasa mzima. Nikamuuliza mimi niko wapi, mimi niliyeongea kuliko wote na kubeba mashine.

Akafungua, akaweka kidole. "Hapa, kaka."

Nikasoma kwa kuunganisha. Ilikuwa imeandikwa: mgeni anacheka.

Nikampelekea mama aone.